Mbona aliyeweka akiba akatwe kuliko aliyekula zote?

Kama uko na pesa kwenye MMF, huo mstari unaujua. Mwisho wa mwezi unafungua taarifa ya akaunti: riba, shilingi 100. Chini yake, kwa maandishi madogo, ushuru uliokatwa, shilingi 15. Unabaki na 85. Wengi wetu tunaupita huo mstari bila kuuangalia kwa sababu shilingi 15 ni pesa kidogo na haina stori.

Lakini hebu usimame hapo kidogo. Pesa uliyoweka kule ilitoka kwa mshahara, na mshahara ulishakatwa PAYE kabla haujaingia kwa simu. Sasa mfikirie yule beshte yako wa ofisini, mnafanya kazi moja na mnalipwa sawa. Yeye hana MMF. Mshahara ukiingia Ijumaa, Jumatatu anakuomba nauli. Kwa kila alichonunua amelipa VAT, sawa, lakini hata wewe siku utakapotoa hizo pesa ununue kitu utalipa hiyo hiyo VAT. Kwa hivyo kati yenu wawili, mnaopata sawa, kuna mmoja aliyekatwa mara moja zaidi, na huyo ni wewe, na kosa lako ni kwamba ulingoja.

Hapo ndipo ubishi wote wa ushuru wa mapato dhidi ya ushuru wa matumizi unaanzia. Watu hudhani ni ubishi wa KRA ikukate wapi, kwa payslipu au kwa duka. Sivyo. Ukitumia kila senti mwezi huo huo, haijalishi sana unakatwa mlango gani. Tofauti inazaliwa pale tu mtu anapoweka kitu kando.

Nipe dakika tano nikuonyeshe kwa hesabu. Niliacha chuo kabla ya kufika mbali, kwa hivyo usiogope, hesabu yenyewe ni ya kuzidisha na kutoa tu.

Chukua Shiru na Brayo. Kila mmoja amepiga kibarua cha laki moja. Bei za vitu hazibadiliki, na benki inatoa riba ya asilimia 10 kwa mwaka. Brayo anakula zake zote leo. Shiru anangoja mwaka mmoja ndipo atumie.

Tuwaweke kwanza kwenye nchi ambayo ina ushuru mmoja tu, wa mapato, asilimia 20. Kila mmoja anabaki na 80,000. Brayo ananunua simu, viatu, wikendi Naivasha, vyote vya 80,000, na mambo yake yameisha. Shiru anaweka 80,000 benki. Mwaka ukiisha riba ni 8,000. Lakini riba nayo ni mapato, kwa hivyo anakatwa asilimia 20 ya hiyo, yaani 1,600. Anaondoka na 86,400. Angalia kilichotokea: benki ilimwahidi kumi kwa kila mia akingoja, lakini akishamaliza na serikali amepata nane.

Sasa wahamishe hadi nchi ya pili. Huku payslipu haiguswi kabisa. Ushuru uko dukani tu: kitu cha shilingi 100 kinaongezwa 25. Brayo akiingia dukani na laki yake, anatoka na vitu vya 80,000 na 20,000 zinaenda kwa serikali. Ni kama nchi ya kwanza, hajapoteza wala kupata chochote. Shiru anaweka laki nzima benki, mwaka ukiisha ana 110,000. Anaenda dukani, anapata vitu vya 88,000 na serikali inachukua 22,000. Kutoka 80,000 hadi 88,000 ni kumi kwa kila mia, vile vile benki ilivyoahidi. Na serikali haijaibiwa. Ilingoja mwaka mmoja pamoja na Shiru, na 20,000 yake ikazaa elfu mbili kama ya mtu mwingine yeyote.

(Kama umejiuliza mbona dukani ni 25 na kwa payslipu ni 20, umeuliza vizuri. Ushuru wa payslipu huhesabiwa ndani ya pesa yote, wa duka huhesabiwa juu ya bei. Elfu ishirini ni asilimia 20 ya laki lakini ni asilimia 25 ya vitu vya 80,000. Ndiyo maana VAT yetu ya asilimia 16, ukiihesabu kama PAYE inavyohesabiwa, ni kama shilingi 13.80 kwa kila mia unayotoa mfukoni. Mwanasiasa akiweka hizo asilimia mbili kando kando kana kwamba ni kitu kimoja, jua anakucheza.)

Tofauti ya Shiru kati ya nchi hizo mbili ni shilingi 1,600. Si kitu, unasema. Haya, mpe miaka 30 badala ya mmoja, awe anajitafutia uzee. Kwenye nchi ya duka, laki yake inakua kwa kumi kwa mia kila mwaka, na akimaliza ananunua vitu vya karibu milioni 1.4. Kwenye nchi ya mapato, 80,000 yake inakua kwa nane tu, na inafika kama 805,000. Karibu laki sita zimepotelea njiani. Bila ushuru wowote angekuwa na kama milioni 1.74, maana yake ule ushuru ulioandikwa asilimia 20 umekula zaidi ya nusu ya alichongojea. Hakuna mahali kwenye sheria pameandikwa nusu. Imetokana na kukata riba, na riba ya riba, kila mwaka kwa miaka 30. Brayo, aliyekula siku ya kwanza, amelipa asilimia 20 kamili na si zaidi.

Kuna kitu kingine kinachoumiza hata zaidi, na hiki ni cha hapa kwetu. KRA inakata riba kama inavyosomeka, haiulizi bei za vitu zimepanda kiasi gani. Tuseme MMF yako inalipa 10 kwa mia na bei zimepanda kwa 6. Ulichopata kikweli ni kama 4. Lakini unakatwa asilimia 15 ya ile 10, yaani shilingi moja unusu, na unabaki na mbili unusu. Zaidi ya theluthi moja ya faida yako halisi imeenda. Mwaka ambao bei zinapanda kuliko riba, unakatwa ushuru kwa hasara. Hiyo nayo inaitwa mapato.

Hadi hapo wanaotaka ushuru wa matumizi wanaonekana wameshinda mechi. Ndiyo maana hoja yao ina wazee wa heshima nyuma yake. Mwingereza Thomas Hobbes aliiandika mwaka wa 1651: afadhali mtu atozwe kwa anachokula kuliko kwa anachozalisha. Lakini usipige makofi bado, kwa sababu hesabu ya Shiru na Brayo ina ujanja mmoja ndani yake. Nimewapa pesa sawa. Mtaani watu hawana pesa sawa.

Mchukue jamaa wa 30,000 kwa mwezi. Kodi ya keja, unga, nauli, stima, mama ushago, na tarehe 20 ameishiwa. Hana cha kuweka. Kwenye nchi ya duka analipa 6,000, yaani asilimia 20 ya kipato chake. Halafu mchukue bosi wa 600,000. Akijaribu kabisa kula vizuri anatumia 300,000. Hapo ushuru ni 60,000, ambayo kwake ni asilimia 10. Mwenye kidogo amekatwa mara mbili ya mwenye nyingi, ukipima kwa kila shilingi iliyoingia mwezi huo.

Watu wa ushuru wa matumizi wana jibu, na si jibu baya: ngoja. Hizo 300,000 bosi hajazikwepesha, ameziahirisha. Siku akizitumia atalipa, na zitakuwa zimezaa, kwa hivyo atalipa zaidi. Ukimpima kwa maisha yake yote badala ya mwezi mmoja, asilimia itarudi pale pale.

Itarudi, iwapo atazitumia. Hapo ndipo mimi nasimama. Mtu wa kiwango hicho akiba yake haiendi kununua sukari mwaka ujao. Inakuwa ploti, inakuwa fleti za kukodisha, halafu inakuwa urithi. Kenya ilifuta ushuru wa urithi mwaka wa 1982, kwa hivyo mlango wa mwisho nao uko wazi. Mtoto wake ataanza pale baba alipofika na duka bado linangoja. Isitoshe, pesa iliyolala haijalala kweli. Inampa mwenyewe usingizi mzuri, inampa dhamana ya mkopo, inampa ujasiri wa kumwambia mwajiri kwaheri. Yule wa 30,000 hana hata kimoja kati ya hivyo. Kwa hivyo kusema akiba ni chakula kilichocheleweshwa tu ni kweli kwa Shiru, na si kweli kwa kila mtu.

Nitakuwa mkweli pia upande wa pili, kwa sababu ushuru wa mapato nao si malaika. Tajiri mwenye akili hauzi ploti yake. Anaiweka rehani benki, anachukua mkopo, anaishi na mkopo. Mkopo si mapato, kwa hivyo ushuru wa mapato hauoni kitu. Ushuru wa duka ungemwona, kwa sababu hata pesa ya kukopa ikinunua gari inalipa.

Sasa kuna mtu aliwahi kujaribu kuoa hizi pande mbili. Mchumi Nicholas Kaldor, pale Cambridge, aliandika kitabu mwaka wa 1955 akipendekeza ushuru wa matumizi ambao haukusanywi dukani. Unajaza fomu: mapato yako yote ya mwaka, toa ulichoongeza kwenye akiba, kinachobaki ndicho ulichokula, na ukila sana asilimia inapanda. Kwa karatasi ni safi kabisa. Shiru haadhibiwi kwa kungoja, na anayekula kwa sinia la dhahabu analipa kama mfalme. India ilimsikiliza, ikapitisha sheria hiyo mwaka wa 1957. Ikaifuta, ikairudisha, na kufikia 1966 ikaifuta tena. Ilikuwa kazi nyingi na pesa kidogo.

Na ukifikiria kujaza hiyo fomu hapa Nairobi utaelewa haraka. Elfu mbili ya chama ni akiba au ni matumizi? Ng'ombe uliyemnunulia mama ushago? Karo ya mdogo wako? Mimi naona karo ni akiba kuliko akiba yoyote, ila ukiuliza mtu wa ushuru atakwambia ni pesa umetumia. Halafu kila pesa uliyotoa akaunti moja ukaweka nyingine uieleze. Watu wangehamisha doh kati ya laini zao mbili tu na kuiita akiba.

Basi turudi nyumbani, maana hapa pana jambo ambalo sioni likizungumzwa. Tunaongea kana kwamba Kenya ni lazima ichague kati ya nchi ya kwanza na ya pili. Ukweli ni kwamba tayari tunaishi katika zote mbili kwa wakati mmoja, na unakoishi kunategemea una pesa ngapi.

Rudi kwa Shiru. Kuna njia mbili zaidi za kumfikisha kwenye zile 88,000 bila duka lolote. Ya kwanza, mkate asilimia 20 leo halafu usiguse riba yake tena: 80,000 inakuwa 88,000. Ya pili, usimkate anapoweka, mkate anapotoa: laki inakuwa 110,000, toa asilimia 20, anabaki na 88,000. Zote tatu zinatoa jibu moja. Kwa hivyo popote unapoona sheria inasamehe riba, au inasamehe mchango wa pensheni, huo ni ushuru wa matumizi umevaa nguo za ushuru wa mapato.

Na sheria zetu zimejaa hizo nguo. Riba ya bondi za miundombinu za serikali haikatwi kitu. Faida ya kuuza hisa zilizoorodheshwa kwenye soko la Nairobi haitozwi ushuru wa faida ya mtaji. Mchango wa pensheni hadi 30,000 kwa mwezi unaondolewa kwenye mshahara kabla PAYE haijahesabiwa, na tangu mwisho wa 2024 aliyefika umri wa kustaafu hakatwi hata anapolipwa, yaani amesamehewa akiingia na akitoka. Vitu vizuri vyote. Lakini bondi huingii na mia tano. Unahitaji makumi ya maelfu ya shilingi na akaunti ya Benki Kuu. Na pensheni ya 30,000 kwa mwezi ni mshahara mzima wa mtu niliyekutajia hapo juu.

Wewe wa mia tano uko wapi? Uko MMF, au kwa akaunti ya akiba ya benki, na huko unakatwa 15 kwa mia. Mwenye laki kadhaa za ziada anaishi nchi ya Shiru aliyesamehewa. Mwenye mia tano anaishi nchi ya Shiru aliyekatwa. Halafu wote wawili wakienda dukani wanakutana na VAT ile ile. Kwa akiba tumewapa wenye nazo ushuru wa matumizi, na kwa matumizi tumewapa wasio nazo mzigo unaowakaba zaidi. Hakuna mchumi, wa upande wowote wa huu ubishi, ambaye angekaa chini akachora hivi kwa makusudi.

Ndiyo sababu mkate uliwasha moto mwaka wa 2024. Mswada wa Fedha ulitaka mkate wa kawaida, ambao VAT yake ni sufuri, uanze kutozwa asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa kabla ya ile Jumanne ya Juni 25, na siku iliyofuata Rais Ruto akasema hatatia sahihi mswada wote. Wengine walituambia vijana hatuelewi uchumi. Mimi nadhani tulielewa hesabu hii vizuri bila kuwa na majina yake: ushuru unaowekwa kwenye kitu ambacho maskini hawezi kuahirisha kukinunua hauna ile huruma ya kumngojea mtu aweke akiba kwanza.

Na kuna wale wanaosema tupunguze PAYE na tupandishe VAT, ati itafanya watu waweke akiba. Nawaomba wanieleze kuhusu nyanya yangu kwanza. Aliyefanya kazi miaka yote akikatwa PAYE, akaweka zilizobaki, leo anastaafu ndipo unahamisha ushuru dukani. Atakuwa amelipa nchi zote mbili. Kijana wa miaka 22 anayeanza kazi atafurahia. Nyanya atalipa kiingilio cha sherehe yake.

Ninachotaka mimi ni kidogo na kinawezekana: riba ya kwanza, kwa kila mtu, isiguswe. Uingereza inafanya hivi tangu 2016. Mlipa ushuru wa kiwango cha kawaida hatozwi chochote kwa pauni 1,000 za kwanza za riba kwa mwaka. Sisi tunaweza kuchora mstari wetu chini zaidi, tuseme shilingi 20,000 za riba kwa mwaka, na aliye chini yake aishi nchi ya Shiru aliyesamehewa kama mwenye bondi. Pengo lijazwe kwa kuwawekea wenye bondi za miundombinu kikomo, kwamba riba ikipita milioni kadhaa kwa mwaka nayo ianze kukatwa kama yako.

Ugumu uko pahali pamoja, na si pa kupuuzwa. Leo benki inakukata na kupeleka kwa KRA bila kujua una akaunti ngapi. Ukiweka kikomo, mwenye milioni moja anaweza kuigawa kwa benki kumi na kila moja ikamwona maskini. Lakini PIN yako ya KRA tayari iko kwenye kila MMF uliyofungua, uliombwa siku ya kwanza. Mfumo unaoweza kukata shilingi 15 kutoka kwa shilingi 100 yangu bila kukosea mwezi hata mmoja unaweza pia kujumlisha akaunti kumi za mtu mmoja.